Mpango wa Mashindano ya Siku Moja ya Bao, Dama, Keram na Sataranji

Skuli ya sekondari, Wete, Pemba
Jumamosi, 12 Septemba 2026
Umeandaliwa na Kamati ya Michezo kwa ajili ya kikao cha walimu, viranja na wazee wanaojitolea

Tunachokitaka

Wachezaji ni 80: bao 16, dama 32, sataranji 16, na keram 16 waliogawika timu 8 za watu wawili wawili. Nusu ya nafasi katika kila mchezo ni za wasichana. Zisipojaa kufikia Alkhamisi ya tarehe 3 zitafunguliwa kwa wengine, lakini si kabla, maana kwenye bao wavulana hujiandikisha mwanzo na wasichana hubaki kuambiwa "nafasi zimekwisha".

Sharti kubwa la mpango huu ni moja: kila aliyekuja acheze si chini ya mara nne. Mtindo wa kufungwa ukatoka tumeukataa. Mtoto anayetoka Konde kwa gari ya alfajiri, akafungwa saa tatu na nusu, atafanya nini mpaka saa tisa? Atazurura uwanjani, na mwalimu wa zamu ndiye atakayelia.

Ludo haimo. Inachezwa kwa dadu, na baadhi ya wazee wetu hawaridhiki nayo. Hatuna sababu ya kutafuta mjadala huo. Karata hazimo pia.

Mizunguko

Bao, dama na sataranji zitachezwa kwa mfumo wa Uswisi, ule uliotumika kwenye mashindano ya sataranji ya Zurich mwaka 1895. Mzunguko wa kwanza hupangwa kwa kura. Baada ya hapo mwenye pointi hukutanishwa na mwenye pointi kama zake: walioshinda wao kwa wao, waliofungwa wao kwa wao. Hakuna wawili wanaokutana mara mbili. Ushindi ni pointi 1, sare ni nusu.

Uzuri wake uko kwenye hesabu. Wachezaji 16 wakicheza mizunguko mitatu bila sare, wasiofungwa hubaki wawili tu, na mzunguko wa nne unawakutanisha: hiyo ndiyo fainali. Kwa dama yenye watu 32, wasiofungwa wawili hubaki baada ya mzunguko wa nne, na wa tano ni fainali. Sare zikiharibu hesabu, fainali itakuwa kati ya wawili wa juu ambao hawajakutana. Waliolingana pointi tutawatenganisha kwa kujumlisha pointi za wapinzani wao. Aliyepambana na wagumu zaidi anakaa juu.

Keram ina makundi mawili ya timu nne. Kila timu inacheza na tatu za kundi lake. Kisha wa pili wa kundi moja hukutana na wa pili wa kundi jingine, wa tatu na wa tatu, wa nne na wa nne. Walioongoza makundi wanakwenda fainali.

Mtu asipofika na idadi ikawa kasoro, mpinzani wake hapewi pointi ya bure akae. Atacheza na mmoja wa waamuzi, na matokeo yatahesabiwa.

Saa kwa saa

1:30 asubuhi – wanaojitolea wanafika, mabao yanapangwa
2:00 – usajili, chai na maandazi
2:40 – ufunguzi; Mwalimu Mkuu anaombwa asizidi dakika kumi
3:00, 4:00 na 5:00 – mizunguko mitatu ya bao, sataranji na keram, dakika 45 kila mmoja
3:00, 3:40, 4:20 na 5:00 – mizunguko minne ya dama, dakika 30 kila mmoja
5:45 – chakula, kisha sala ya adhuhuri na mapumziko
7:15 mchana – mzunguko wa mwisho kwa wote isipokuwa walioingia fainali
8:00 – fainali zote nne ukumbini
8:50 – zawadi
9:15 – kufunga, ili watu wawahi alasiri na gari

Fainali tumezitenga na mzunguko wa mwisho kwa makusudi. Zikichezwa pamoja, hakuna atakayeziona, na waliobaki vyumbani watacheza haraka haraka ili wakimbilie ukumbini.

Nafasi kati ya mzunguko na mzunguko si ya kupumzika tu. Ndiyo wakati wa kukusanya matokeo na kupanga jozi mpya. Dama ina dakika kumi tu, kwa hiyo matokeo yake yapelekwe meza kwa meza kila mchezo unapokwisha, yasingojwe yote.

Vyumba

Bao ni ukumbini, juu ya majamvi. Viti na meza visogezwe ukutani tangu Ijumaa jioni. Mabao manane yakae mbalimbali, nafasi ya mtu mmoja kupita, kwa sababu mchezaji wa bao hupiga kete kwa nguvu na ya jirani huruka.

Dama ni Kidato cha Pili A na B, meza nane kila chumba. Sataranji ni maktaba, na mlango ufungwe.

Keram ni chumba cha mwisho cha jengo la nyuma, mbali kabisa na maktaba. Meza nne tunaziazima kwenye barza za mjini, na wenyewe wameomba zirudi siku ile ile. Zitaletwa kwa gari ya ng'ombe Ijumaa baada ya sala, zikiwa zimelazwa na kufungwa majamvi katikati, maana ubao ukipinda kona moja straika haiendi sawa tena. Ndani ya chumba hicho feni isiwashwe: poda itapeperuka na meza zitakuwa nzito. Madirisha yaachwe wazi upande wa kivulini tu.

Wasichana watapata chumba cha kusalia upande wa dakhalia. Mapipa mawili ya maji ya udhu yajazwe asubuhi, kwa kuwa bomba la upande ule haliaminiki mchana.

Kanuni zitakazobandikwa mlangoni

Tunalocheza ni bao la Kiswahili, si la kujifunza. Kete 64: kila mchezaji anaanza na 6 kwenye nyumba, 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya kuliani mwa nyumba, na 22 mkononi. Namua kwanza, mtaji baadaye. Aliyegusa kete amecheza. Aliyeishiwa safu ya mbele, au asiye na pa kucheza, amefungwa. Dakika 45 zikimalizika, mwamuzi anahesabu kete zilizo ubaoni, na mwenye nyingi upande wake ameshinda, zikilingana, kura. Wengine watasema hii si desturi ya barza. Ni kweli, lakini barzani hakuna kengele.

Kwenye dama kula ni lazima. Aliyesahau kula hanyang'anywi kete. Anarudisha na kula. Kete ya kawaida haili kinyumenyume, na kingi anatembea masafa. Tunajua kila mtaa una kanuni zake, ndiyo maana hizi zinabandikwa wiki moja kabla.

Keram: weupe 9, weusi 9 na malkia mmoja. Malkia akitumbukia lazima afuatiwe na kete yako, la sivyo anarudi katikati. Anayemaliza anapata pointi moja kwa kila kete ya mpinzani iliyobaki, na 3 za malkia kama amemchukua yeye. Wanaendelea kupanga na kucheza mpaka kengele.

Sataranji hatuna saa za kutosha. Ikifika dakika ya 40 mwamuzi anatangaza, na mchezo usiokwisha kwenye 45 unaamuliwa kwa thamani ya kete zilizobaki, malkia 9, ngome 5, na kuendelea. Tofauti isiyofika 3 ni sare.

Watazamaji hawasemi. Kanuni hii inawahusu na wazee wetu, kwa heshima zote.

Wanaojitolea

Watu 22. Waamuzi 9: wazee wawili wa bao, watatu wa dama, wawili wa keram, wawili wa sataranji. Wapelekaji matokeo 4, mmoja kila mchezo. Usajili 2, kupanga jozi 2, chakula na maji 3, huduma ya kwanza 1, kengele 1.

Wapangaji jozi ndio moyo wa siku. Wawe walimu wa hesabu, wakae chumba cha walimu, na asiingie mtu. Kila mchezaji ana kadi yake ya manila: jina, pointi, na namba za aliocheza nao. Kadi zinapangwa mezani kwa mafungu ya pointi, jozi zinaandikwa, karatasi inabandikwa ubaoni nje. Kompyuta ipo, lakini umeme ukikatika kadi hazizimi.

Wazee wa bao wafuatwe nyumbani na mwalimu, si kuitwa kwa simu, na wapate viti vyenye mito. Uamuzi wao ni wa mwisho. Wakitofautiana wao kwa wao, Mwalimu wa Michezo atarusha komwe.

Wahitimu wetu wanne wameshakubali kuwa waamuzi wa dama na keram. Anayeamua asiwe na mdogo wake kwenye chumba hicho.

Vifaa

Komwe 512 kwa mabao manane, na 40 za akiba. Kila bao lina mfuko wake wa komwe 64, na mfuko uhesabiwe kabla na baada ya kila mzunguko mbele ya wachezaji wote wawili. Ikikosekana moja, mchezo mzima unaingia shaka. Vizibo vya soda 384 kwa dama, wengine wanacheza vya kufunika na wengine vya kufunua. Viranja wameanza kuvikusanya madukani. Vilivyopinda vitupwe, havitulii ubaoni.

Zawadi na fedha

Hakuna kiingilio. Mchezaji akitoa pesa na mshindi akazichukua, tumeingia kwenye kamari, na hakuna mzazi wa Wete atakayetusamehe. Zawadi zinatoka kwenye mifuko mingine, na hakuna ya fedha taslimu.

Bingwa wa bao: bao la kuchonga, 80,000. Bingwa wa dama: ubao na kete za mbao, 25,000. Bingwa wa sataranji: seti, 45,000. Mabingwa wa keram: mikoba miwili ya skuli, 70,000. Washindi wa pili ni watu watano, kila mmoja seti ya jiometri na madaftari ya 12,000. Zawadi mbili za 20,000: mchezaji muungwana, atakayechaguliwa na waamuzi, na aliyefanya vizuri zaidi kutoka Kidato cha Kwanza. Jumla 320,000. Cheti kwa kila mchezaji.

Chakula ni wali wa nazi, mchuzi wa samaki na mboga, sahani 110 kwa 3,500, yaani 385,000. Vyeti na manila 45,000, chai na maji 40,000, gari 40,000, komwe na rangi 35,000, poda 15,000, akiba 60,000. Jumla kuu ni shilingi 940,000. Fungu la michezo linatoa 400,000, Kamati ya Skuli 300,000, na 240,000 ni ahadi za wenye maduka. Ahadi hizo zisipotimia kufikia tarehe 5, mikoba na mafungu ya washindi wa pili yatapunguzwa, chakula hakiguswi.

Kabla ya siku

Tarehe 29 Agosti: wazee na wenye meza za keram wawe wametembelewa. Tarehe 3 Septemba: usajili kufungwa, na nafasi za wasichana zisizojaa kufunguliwa kwa wengine. Tarehe 5: kanuni kubandikwa, na waamuzi wote kufanya jaribio la mzunguko mmoja kwa kengele. Mvua ikinyesha, chakula kitahamia ukumbini juu ya majamvi yale yale, na mabao yatafunikwa kanga kwanza. Kidato cha Tatu walete kanga nane.