Yah: Ombi la Kufanyiwa Usaili Tena kwa Nafasi ya Mhasibu

Ndugu Ofisa Ajira,

Nakushukuru kwa kunisaili Jumanne iliyopita, ofisini kwenu Posta, Dar es Salaam. Nakiri kwamba nilijibu vibaya. Nilikuwa nimekesha na mwanangu mgonjwa, na badala ya kuomba tarehe nyingine mapema, nilikuja nikidhani nitamudu. Kosa hilo ni langu.

Linaloniuma zaidi ni swali la usuluhishi wa hesabu za benki, kwa kuwa kazi hiyo naifanya kila mwisho wa mwezi, huu ukiwa mwaka wangu wa 4, na najua vyema kwamba hundi ambazo hazijawasilishwa benki hupunguzwa kwenye salio la taarifa ya benki, wala si kwenye salio la daftari la fedha kama nilivyoeleza siku ile.

Iwapo nafasi bado iko wazi, naomba mnisaili tena, hata kwa dakika 20 za simu, au mnipe jaribio la maandishi. Mkiwa mmeshaamua, nitaupokea uamuzi wenu kwa heshima.

Wako mtiifu,
Msailiwa wa saa 4 asubuhi, nafasi ya mhasibu