Kiseyeye kwa mtoto wa miaka 7 mwenye usonji aliyeacha kutembea: taarifa ya mgonjwa mmoja, mkoani Tanga

Utangulizi
Kiseyeye, yaani upungufu wa vitamini C, ni vigumu kumjia tabibu akilini mkoani Tanga, ambako machungwa ya Muheza hujaa kando ya barabara msimu ukifika. Tunaripoti mgonjwa huyu kwa sababu kwa siku 9 hatukumuuliza mama yake mtoto anakula nini.

Mgonjwa
Mvulana asiyeongea aliletwa amebebwa mgongoni. Alilala amekunja nyonga na magoti, akilia kila alipoguswa miguu. Hakuwa na homa. Uzito, kilo 21, ulilingana na umri wake, na hilo lilituhadaa.

Mfuatano wa matukio (siku ya 1 ni ya kulazwa)
Miezi 14 kabla: aliacha matunda na mboga, akabaki na chapati, biskuti na chai ya maziwa.
Wiki 7 kabla: alianza kuchechemea.
Wiki 2 kabla: aligoma kusimama.
Siku ya 1–9: alitibiwa maambukizi ya mfupa kwa antibiotiki za mshipa, bila nafuu. Himoglobini gramu 8.4 kwa desilita. Hakuwa na malaria wala selimundu. Damu iliyooteshwa haikutoa vimelea.
Siku ya 10: muuguzi aliyekuwa akimsafisha kinywa aliona fizi zimevimba, za zambarau, zinatoka damu. Ndipo tukauliza chakula. Eksirei ya magoti ilionyesha mifupa iliyopauka na mstari mweupe mzito kwenye ncha zake. Antibiotiki zilisimamishwa, akaanza vitamini C miligramu 100 mara 3 kwa siku kwa wiki 1, kisha mara 1 kwa siku kwa miezi 2. Kidonge kilisagwa, kikatiwa kwenye chai iliyopoa, kwa kuwa joto huiharibu vitamini hii.
Siku ya 12: alilala usiku kucha, akakubali kuguswa miguu.
Siku ya 24: alisimama.
Wiki ya 8: alitembea mwenyewe.

Mjadala
Bila vitamini C mwili hautengenezi kolajeni imara. Mishipa midogo huvuja, na damu inayokusanyika chini ya utando wa mfupa huleta maumivu makali. Akiba ya mwili huisha ndani ya miezi 1 hadi 3. Kiwango chake katika damu hatukuweza kukipima. Tunategemea eksirei na nafuu ya siku 2, na wiki hiyo hakupewa vitamini nyingine yoyote.

Kauli ya mama
"Niliambiwa anadeka. Kumbe mwanangu alikuwa anaumia, hana namna ya kusema."

Ridhaa
Mama alisomewa fomu ya Kiswahili mara 2, akasaini mara ya pili, mtoto akiwa ameshatoka wodini, ili asihisi analipa fadhila ya matibabu. Alielezwa kwamba anaweza kujitoa kabla ya kuchapishwa. Picha ni za fizi na eksirei pekee, na ya fizi ilipigwa mtoto akiwa ametulia. Alisomewa andiko hili lote, akaomba jina la kata yao liondolewe. Tumeliondoa.