Majina ya Wahusika: Riwaya ya Jengo la Mwembe Tayari

Da Nuru, majina ndiyo haya. Jengo ni lile lile la ghorofa 4, mwaka ni 2019, na wapangaji wameshaambiwa wahame. Naanza na mwenye nyumba.

Mwanaesha Athman Shee, miaka 71. Mbajuni, kazaliwa Faza, kalelewa Kibokoni. Kwenye kitambulisho ni Aisha, ila jengo zima humwita Ma Esha. Hilo la Aisha litumiwe na benki na wakili peke yao, ili msomaji akiliona tu ajue mambo yameharibika.

Fuad Salim Bawazir, mnunuzi. Mamake ni mdogo wake Ma Esha, babake Mhadhrami mwenye duka la vyuma. Ile "Ba" mwanzoni mwa jina la ukoo humtangaza kwa mtu wa Mombasa kabla hajafungua mdomo. Ingekuwa rahisi kumpa nafasi hii Msomali au mtu wa bara, lakini tumeshachoka na hadithi hizo. Anayekutoa nyumbani huku akikuita "mama mkubwa" anauma zaidi.

Rajab Onyango Ouma, kuli mstaafu wa Kilindini. Mjaluo na Muislamu. Kwao Kendu Bay, ambako misikiti si jambo la jana. Wako watakaodhani nimechanganya madawa, na wadhani. Mkewe, Saumu Bakari, ni Mdigo wa Likoni. Pacha wao ni Apiyo na Adongo, aliyetangulia kutoka na aliyefuata, kama ilivyo desturi ya kwa baba. Madrasa wanaitwa Hafsa na Hafidha. Wakigombana, mdogo humkumbusha mkubwa kuwa huko chuoni hakuna aliyetangulia.

Sasa suala la Mw-. Pwani tumejaaliwa: Waswahili wana Mwana- na Mwinyi, Wadigo, Waduruma na Wataita wana Mwa- zao, kisha Wakamba wanaleta Mwende na Mwikali. Yakirundikana ukurasa mmoja jicho linateleza na msomaji hajui tena nani kamkopesha nani. Kwa hiyo nimeruhusu mawili tu, Mwanaesha na Mwakio, bawabu, Mwanglikana wa Wundanyi. Mama wa Kikamba anayeuza chakula pale chini amekuwa Ndunge Musyoka. Mwende nilimpenda, lakini hapana.

Grace Kadzo Karisa, muuguzi, Mgiriama wa Kaloleni. Grace ni jina la kazini na kanisani. Kakake ndiye mwenye kisa: alipewa Kazungu, jina la babu yao, kisha akasilimu na kuitwa Ramadhani. Mama amekataa katakata. Si kwamba anauchukia Uislamu, la. Anaona baba mkwe wake amefutwa. Msimulizi atamwita Kazungu akiwa Kaloleni na Ramadhani akiwa Majengo, bila kueleza. Tafadhali usiyasawazishe.

Ezra Daudi Tobias, mwalimu mstaafu, miaka 80. Ametoka Frere Town, kijiji walichofungua wamisionari wa CMS miaka ya 1870 kwa watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Kengele yao ndiyo iliyoipa Kengeleni jina. Majina yake matatu yote ni ya Biblia na hana la nne. Kila karani humuuliza, "Na la kwenu, mzee?" Naye hujibu, "Hayo ndiyo ya kwetu." Nataka swali hilo aulizwe katika kila ofisi anayoingia, mpaka msomaji naye akereke.

Ghorofa ya tatu kuna Hatim Taherali, Bohora, na mkabala naye Kantaben Shah, Mjaini aendaye hekalu la Langoni. Wapangaji wengine huwaita Wahindi, basi. Mlango huu unapika biriani ya mbuzi, mlango ule hauingizi hata kitunguu, na ngazi ni moja.

Perpetua Fernandes, Mgoa. Anaonekana mara mbili akitoka misa ya Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu. Jina linatosha.

Abdirahman Farah Warsame, fundi simu. La kwanza lake, la pili la baba, la tatu la babu. Jina la ukoo halimo. Wakili anapomwandikia "Bwana Warsame", Abdirahman anamrudishia barua na kumwambia aliyeandikiwa alikufa zamani, akamtafute kaburini. Kisheria haimsaidii kitu, lakini inawapa wapangaji siku ya kucheka.

Wakili mwenyewe sitampa jina. Wapangaji hawajawahi kumwona, wanamwita Barua.