Andalio la Kipindi cha Elimu ya Afya Kijijini: Kifua Kikuu

Watoaji: wanafunzi 4 wa uuguzi wa afya ya jamii, mwaka wa pili
Walengwa: wanakijiji watu wazima, takriban 40, wakiwemo wazee na wanaonyonyesha
Mahali: uwanja wa shule ya msingi, kivulini, si ndani ya darasa
Muda: Jumamosi, saa 3:30 hadi 4:30 asubuhi
Msimamizi: mkufunzi wa mafunzo kwa vitendo, atakaa nyuma na hataingilia ila pakitolewa maelezo ya kupotosha

Lengo

Mtu anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi atoke hapa akijua kwamba anapaswa kupimwa, ajue aende wapi, na asione haya kwenda. Anayeishi na mgonjwa ajue namna ya kumsaidia amalize dawa. Mengine yote yamewekwa kwa ajili ya hayo mawili. Muda ukibana, punguzeni maelezo ya bakteria, lakini maelezo ya makohozi msiyaguse.

Maandalizi

Siku mbili kabla, wawili wenu waende kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa mhudumu wa afya ya jamii. Mwombeni mhudumu awaeleze watu wanasemaje kuhusu ugonjwa huu: wanauita nini, wanadhani unatoka wapi, huanza kutafuta tiba kwa nani. Msiombe majina ya wagonjwa, na mkitajiwa msiyaandike. Hakikisheni na zahanati kwamba Jumatatu mhudumu wa maabara atakuwepo na vikopo vya makohozi vipo. Kumhamasisha mtu apimwe, kisha akute mlango umefungwa, ni kumkatisha tamaa ya kurudi.

Vifaa: bango moja la mchoro wa mapafu, vikopo 3 vya makohozi vyenye mfuniko, vitambaa safi, kadi za rufaa, meza ndogo na viti viwili. Meza iwekwe mbali na mkusanyiko, upande watu wanakopita wakirudi nyumbani, ili anayesimama hapo asionekane ametengwa.

Ufunguzi (dakika 8) – mwezeshaji wa kwanza

Salamu ziwe kamili. Mwanafunzi asianze somo kabla wazee hawajaamkiwa.

*"Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, baba zetu, ndugu na vijana, habari za asubuhi. Sisi ni wanafunzi wa uuguzi. Tumekuja kuzungumza nanyi kuhusu kikohozi kisichokoma. Hatutamwuliza mtu yeyote hapa kama anaumwa, wala hatutamtaja mtu. Mwenye jambo lake atatuona mezani baadaye, na litabaki kati yetu na wahudumu watakaomtibu."*

Kisha soma kauli tatu, moja baada ya nyingine, ukiwaomba wanaokubali wanyooshe mikono: kifua kikuu ni ugonjwa wa kurithi katika ukoo, mtu hukipata kwa kula sahani moja na mgonjwa, mwenye virusi vya Ukimwi akipata kifua kikuu hawezi kupona. Zote tatu si kweli, ila usisahihishe papo hapo. Mwanafunzi wa nne ahesabu mikono. Kauli hizohizo zitarudi mwishoni.

Ugonjwa na njia yake (dakika 12) – mwezeshaji wa kwanza

Elezeni kwamba kifua kikuu husababishwa na bakteria, na kwamba bakteria huyo anajulikana tangu mwaka 1882, Robert Koch alipomtangaza tarehe 24 Machi. Ndiyo sababu Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo. Sentensi moja inatosha. Uzito wake ni huu: chanzo cha ugonjwa kinajulikana, hivyo hakuna haja ya kumtafuta aliyemloga mgonjwa. Lisemeni hilo kwa upole, bila kumkejeli mtu.

Mgonjwa wa kifua kikuu cha mapafu akikohoa, kupiga chafya, kuimba au kuzungumza, bakteria hutoka na matone madogo yasiyoonekana na kubaki hewani. Anayevuta hewa hiyo anaweza kuambukizwa, hasa wakiishi pamoja katika chumba kisichopitisha hewa. Kushikana mikono, sahani, kikombe, nguo na choo haviambukizi.

Hapa tofautisheni kuambukizwa na kuugua, kwa sababu ndipo woga mwingi unapozaliwa. Inakadiriwa kuwa robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa bakteria hao, na walio wengi hawaugui kamwe. Mbegu inaweza kulala ardhini muda mrefu bila kuota. Ndivyo bakteria wanavyolala mwilini kinga ikiwa imara. Kinga ikishuka huamka. Wanaohitaji uangalizi zaidi ni wanaoishi na VVU, watoto wadogo, wenye kisukari, wenye utapiamlo, wavutaji wa tumbaku, wanywaji wa pombe kupita kiasi, na waliofanya kazi kwenye vumbi la migodi.

Dalili (dakika 7) – mwezeshaji wa pili

Anza kwa kuuliza: *"Kikohozi cha mafua hukaa siku ngapi?"* Acha wajibu. Kisha taja kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa hasa za jioni, jasho jingi usiku, kupungua uzito bila sababu, maumivu ya kifua, na wakati mwingine makohozi yenye damu. Sisitiza kwamba mgonjwa asisubiri damu. Wengi hawaioni kabisa, na anayeisubiri huendelea kuwaambukiza wa nyumbani.

Anayeishi na VVU asihesabu wiki. Kikohozi cha siku yoyote kinatosha kwenda kupimwa. Mtoto huenda asikohoe sana: mwangalieni asiyeongezeka uzito, mwenye homa za mara kwa mara, aliyepoa na hataki kucheza, hasa kama nyumbani kuna mtu anayetibiwa kifua kikuu. Taja pia kwamba ugonjwa unaweza kukaa nje ya mapafu, kama kwenye tezi za shingo au uti wa mgongo.

Kupima: kutoa makohozi (dakika 10) – mwezeshaji wa pili, kwa vitendo

Fanyeni kwa kuonyesha, hatua kwa hatua, mkiwa na kikopo mkononi. Mtu hutoka nje penye hewa, mbali na wengine. Husukutua kwa maji. Huvuta pumzi ndefu mara mbili au tatu, huishikilia kidogo, kisha hukohoa kwa nguvu kutoka ndani kabisa ya kifua na kutema kikoponi bila kuchafua nje. Hufunika vizuri, hunawa mikono, na hupeleka kikopo zahanati bila kukiacha juani. Makohozi ya alfajiri, mtu anapoamka tu, ndiyo bora.

Onyesheni tofauti ya mate na makohozi: mate ni mepesi na yana mapovu, makohozi ni mazito. Sampuli ya mate inaweza kumpa mgonjwa jibu la uongo kwamba hana ugonjwa. Mwombe mmoja wa wahudhuriaji arudie hatua hizo kwa maneno yake, akiigiza tu, bila kukohoa kweli. Akiruka hatua, wenzake ndio wamkumbushe, si wewe.

Matibabu na kinga (dakika 12) – mwezeshaji wa tatu

*"Kifua kikuu kinapona. Mwenye VVU pia anapona. Dawa hutumika kila siku, kwa kawaida kwa miezi 6. Katika zahanati yetu kipimo na dawa havilipiwi."*

Kwenu wanafunzi: miezi 2 ya kwanza mgonjwa wa kawaida hupewa rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, miezi 4 inayofuata, rifampisini na isoniazidi. Msiwatajie wanakijiji majina hayo isipokuwa wakiuliza. Waambieni hili: baada ya wiki chache mgonjwa hupata nafuu, kikohozi hupungua, hamu ya kula hurudi, na hapo ndipo wengi huacha dawa. Bakteria waliobaki wanaweza kujenga usugu, na kifua kikuu sugu huhitaji dawa nyingine na uangalizi mkubwa zaidi. Mtu wa nyumbani anayemkumbusha mgonjwa kila siku anafanya kazi ya tiba sawa na muuguzi.

Mkojo na machozi kuwa ya rangi ya chungwa ni kawaida, msiache dawa kwa hilo. Lakini macho yakiwa ya njano, kutapika kusikokoma, kuona vibaya, au ganzi miguuni, arudi zahanati mara moja. Mwanamke anayetumia vidonge au vipandikizi vya uzazi wa mpango amweleze muuguzi, kwa kuwa rifampisini hupunguza nguvu zake. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha.

Kinga: kufungua madirisha, kufunika mdomo kwa kitambaa au kiwiko wakati wa kukohoa, chanjo ya BCG kwa mtoto anapozaliwa, inayomkinga hasa dhidi ya aina kali za ugonjwa, na dawa za kinga kwa watoto wadogo na wenye VVU wanaoishi na mgonjwa, baada ya kuchunguzwa. Msiwafundishe watu kumtenga mgonjwa. Akianza dawa zinazofaa, kwa kawaida baada ya wiki kama 2 uwezo wake wa kuambukiza hupungua sana.

Maswali na marudio (dakika 11) – mwezeshaji wa tatu

Tarajieni haya:

*"Mwanangu, mimi nimekunywa dawa za miti na kikohozi kimepungua. Niende kupima nini tena?"* Jibu: *"Ahsante kwa kutueleza, mzee. Kikohozi kinaweza kupungua na bakteria wakabaki. Kipimo cha makohozi ndicho kitatuonyesha. Nenda ukapime, na dawa unazotumia mweleze mhudumu."*

*"Mwenye kifua kikuu si ana Ukimwi tu?"* Jibu: *"Hapana, mama. Wengi wenye kifua kikuu hawana VVU. Kila mgonjwa hushauriwa kupima VVU ili apate tiba zote anazohitaji."*

Akitokea mtu wa kumnyooshea mwenzake kidole kwamba ndiye anayekohoa, mwezeshaji akatize mara moja: *"Ndugu yangu, hapa hatutaji mtu. Tuendelee."* Baadaye msimfuate aliyetajwa mbele za watu, mhudumu wa afya ya jamii atamtembelea nyumbani.

Swali msilolijua, semeni mtamwuliza mganga wa zahanati na kuleta jibu. Kisha rudieni kauli tatu za mwanzo, hesabuni mikono tena, na mweleze kila moja kwa nini si kweli.

Mezani – mwanafunzi wa nne

Kila anayekuja aulizwe kwa sauti ya chini: anakohoa tangu lini, ana homa au jasho la usiku, amepungua uzito, anaishi na anayetibiwa kifua kikuu? Jibu la ndiyo kwa lolote, apewe kadi ya rufaa na kikopo. Mwenye makohozi ya damu nyingi au anayehema kwa shida asisubiri Jumatatu. Apelekwe siku hiyohiyo na mmoja wenu amsindikize.

Tathmini

Andikeni mikono kabla na baada, ila kipimo chenye uzito ni kadi: zilitolewa ngapi, na baada ya siku 7 wangapi walifika zahanati. Mhudumu wa afya ya jamii atawafuatilia wasiofika. Ripoti ya kurasa 2 ifike kwa mkufunzi Ijumaa ya wiki ya pili, bila jina la mtu, ikiwa na maswali yote yaliyoulizwa kwa maneno ya waulizaji wenyewe na majibu mliyoahidi kuyarudisha kijijini.