Fakture 014/2025: jumbe tano kwa Mama wa mikate, Lubumbashi

Ujumbe wa kwanza. WhatsApp, Ijumaa tarehe 4 Aprili 2025, saa mbili asubuhi

Jambo Mama, mumeamka salama? Habari ya nyumba, habari ya mikate?

Jana nilipita komini ya Kenya, pale karibu na soko, nikaona mama mmoja anatoka dukani kwenu na mikate sita ndani ya mufuko wetu mwekundu. Nilifurahi mpaka taxi ikanipitisha pa kushukia. Ile rangi ilinitia wasiwasi, nilifikiri imprimeri wataitoa kama nyanya iliyolala siku tatu. Kumbe imekubali.

Mama, nakumbusha kidogo tu. Fakture 014 ya nembo na mifuko, niliyowaletea tarehe 18 Machi, ilifika siku yake juzi, Jumatano tarehe 2. Tulipatana dola 850, mulitoa avansi 340, inabaki 510. Najua wiki ya mwisho wa mwezi muna mishahara ya watu, pengine karatasi imefunikwa na karatasi zingine. Nimeituma tena hapa chini.

Munaweza kupitishia M-Pesa, ile namba ya siku ya avansi, ao nipite mwenyewe biro. Kama ni dola za mkononi, naomba zisiwe na hata kapasuko kadogo pembeni. Munawajua kambisti wetu wa kubadilisha pesa.

Aksanti sana Mama. Mtoto wenu, Fiston.

Ujumbe wa pili. Barua pepe, Jumatatu tarehe 14 Aprili 2025
Kichwa: Fakture 014/2025, salio la dola 510, siku 12 za kuchelewa

Mama mpendwa,

Ujumbe wangu wa tarehe 4 muliusoma, na mulinijibu «nimeona mwanangu». Siku kumi zimepita tangu hapo. Ndiyo maana leo naandika kwa barua pepe, ili kontable wenu naye apate kila kitu mahali pamoja bila kutafuta ndani ya simu yenu.

Hesabu ni hii: nembo dola 350, mifuko ya mikate kwa vipimo vitatu dola 240, kibao cha nje pamoja na bashe ya kutundika dola 160, orodha ya bei dola 100. Jumla 850. Avansi ya asilimia 40, yaani 340, niliipokea siku ya kuanza kazi. Salio ni 510. Mapatano tuliyosaini yanasema salio linalipwa ndani ya siku 15 baada ya kupokea faili, na faili mulizipokea tarehe 18 Machi mbele ya kontable mwenyewe.

Niruhusuni neno moja pembeni. Mukate ukitoka ndani ya tanuri kila mtu anauona na anausikia harufu. Kazi yangu haina harufu. Mulichokiona ni nembo moja, lakini nyuma yake kulikuwa na maketi 11, nanyi wenyewe mulikataa nane, na mulikuwa na haki. Wekundu ule kwenye simu ulikuwa unawaka vizuri, ila simu inatengeneza rangi kwa mwanga na imprimeri inatengeneza kwa wino, kwa hiyo nililazimika kuutafuta upya kwa wino nne mpaka karatasi ya kahawia ya mufuko isiumeze. Majaribio mawili ya kuchapa nililipa kwa mufuko wangu. Usiku tatu umeme haukuwapo mtaani kwetu Kamalondo, nikafanya kazi na jenereta. Siongezi hata dola moja kwa hayo, yako ndani ya bei. Ninasema tu kwamba pesa hizi nilikwisha kuzitumia mbele ya kuzipata.

Swali langu ni moja, na jibu lake naomba liwe tarehe: mutalipa siku gani? Nitashukuru kupata jibu mbele ya Alhamisi tarehe 17, kwa sababu Ijumaa Kuu biro zitafungwa.

Kwa heshima,
Fiston, mchoraji wa nembo na vifungashio

Ujumbe wa tatu. WhatsApp, Jumatano tarehe 23 Aprili 2025, nyuma ya kuongea kwa simu

Mama, aksanti kwa kupokea simu leo. Naandika tuliyosema ili hata mimi nisisahau.

Mulinieleza kama farini imepanda, lori lilikwama siku tano mpakani Kasumbalesa, na tanuri moja inatengenezwa. Ninawaamini. Mimi pia ni mtu wa kununua mukate, nimeona umekuwa mwepesi kidogo (musikasirike).

Basi tugawanye 510 mara tatu: dola 170 tarehe 2 Mei, dola 170 tarehe 15 Mei, dola 170 tarehe 31 Mei. Ile asilimia 2 ya kila mwezi wa kuchelewa, iliyo kwenye kifungu cha 4 cha mapatano, ninaiacha yote kama tarehe hizi tatu zitaheshimiwa. Moja ikikosa, yote inayobaki inakuwa ya kulipwa siku ileile, na asilimia 2 inarudi tangu tarehe 2 Aprili. Sikuandika hivyo kwa ubaya Mama. Nimekwisha kugawanyia watu wengine bila kuandika, na leo tukikutana njiani wanavuka barabara.

Kama munakubali, andikeni hapa «ninakubali» tu. Inatosha.

Ujumbe wa nne. Barua pepe, na nakala ya karatasi iliyoachwa biro, Jumanne tarehe 20 Mei 2025
Kichwa: Fakture 014/2025, awamu ya pili haikulipwa

Mama Mkurugenzi,

Tarehe 23 Aprili mulijibu «ninakubali». Tarehe 2 Mei nilipokea dola 170, na siku hiyo niliwatumia risiti. Awamu ya tarehe 15 Mei haikuja. Nilipiga simu tarehe 16 na tarehe 17 bila kupokelewa. Tarehe 19 nilifika biro, nikaambiwa mumetoka, na gari lenu lilikuwa uani. Sitaki kulijadili hilo, kila mtu ana siku ambayo hataki kuonwa. Lakini nalazimika kubadilisha namna ya kuandika.

Kwanza: kwa mapatano yetu ya tarehe 23 Aprili, dola 340 zinazobaki sasa ni za kulipwa zote kwa pamoja, bila kungoja tarehe 31.

Pili: kijana wenu wa duka la Bel-Air aliniandikia Jumamosi akiomba bango la keki za siku ya kuzaliwa, «haraka kidogo». Sitalifanya. Kazi yoyote mpya, hata kubadilisha bei moja kwenye orodha, inasimama mpaka fakture 014 ifungwe. Tafadhali mumweleze, asidhani ninamdharau. Yeye hana kosa.

Tatu: kifungu cha 6 cha mapatano kinasema haki ya kutumia michoro inahamia kwenu siku salio linapolipwa lote. Mpaka siku hiyo michoro ni yangu. Nimeona nembo imekwisha kuwekwa kwenye kibao kipya cha Bel-Air na kwenye mlango wa gari la kugawa mikate. Sijawaomba muiondoe. Ninawaomba muilipie. Faili za asili, zile ambazo imprimeri nyingine itazihitaji mukibadilisha kipimo cha mufuko, zinabaki kwangu mpaka hapo.

Ninangoja dola 340 hadi Ijumaa tarehe 30 Mei 2025. Kama kuna shida mpya, niambieni wenyewe kwa maneno, hata kama ni mabaya. Kimya ndicho kinachonishinda.

Fiston

Ujumbe wa tano. Barua iliyopelekwa kwa mkono, nakala mbili, moja ya kusainiwa kwamba imepokelewa

Lubumbashi, tarehe 9 Juni 2025

Kwa Mama Mkurugenzi Mkuu wa kampuni ya mikate
Makao makuu, Lubumbashi

KUHUSU: ONYO LA MWISHO LA KULIPA DENI, FAKTURE NAMBA 014/2025

Mama Mkurugenzi Mkuu,

Kwa barua hii ninawataka rasmi mulipe deni lililobaki kwenye fakture namba 014/2025 ya tarehe 18 Machi 2025, iliyofika muda wake tarehe 2 Aprili 2025.

Deni limehesabiwa hivi. Thamani ya kazi ni dola za Marekani 850,00. Zimelipwa dola 340,00 kama avansi na dola 170,00 tarehe 2 Mei 2025. Salio la msingi ni dola 340,00. Kwa kuwa mapatano ya awamu ya tarehe 23 Aprili 2025 hayakuheshimiwa, nyongeza ya asilimia 2 kwa mwezi imerudi: dola 10,20 kwa mwezi ulioishia tarehe 2 Mei, juu ya salio la 510, na dola 6,80 kwa mwezi ulioishia tarehe 2 Juni, juu ya salio la 340. Jumla inayodaiwa leo ni dola za Marekani 357,00 (mia tatu hamsini na saba).

Niliwakumbusha kwa maandishi tarehe 4 Aprili, 14 Aprili, 23 Aprili na 20 Mei 2025. Kazi yenyewe haikupingwa hata mara moja, si kwa maneno wala kwa maandishi. Ilipokelewa na kusainiwa tarehe 18 Machi na inatumika kila siku mbele ya wateja.

Muna siku nane za kulipa kiasi hicho chote, yaani hadi Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa kumi jioni. Malipo yapitie M-Pesa kwenye namba ileile iliyopokea avansi, au mkononi mwangu kwa risiti. Malipo ya franka yatapokelewa kwa bei ya siku hiyo.

Muda huo ukipita bila malipo kamili, nitafanya mambo mawili bila kuwaandikia tena.

La kwanza, nitaiomba Mahakama ya Biashara ya Lubumbashi itoe amri ya kulipa, kwa utaratibu wa haraka wa kudai madeni uliowekwa na sheria za biashara za OHADA, umoja wa nchi za Afrika, zinazotumika nchini mwetu tangu mwaka 2012. Utaratibu huo unataka deni liwe la hakika, la kiasi kinachojulikana, na lililofika muda wake. Deni hili lina yote matatu. Gharama za mahakama na za mpelekaji wa hati zake nitaomba ziwekwe juu yenu.

La pili, nitawakataza rasmi kutumia nembo na michoro ya mifuko, kwa kifungu cha 6 cha mapatano na kwa Amri-Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inayolinda haki za watunzi. Katazo hilo litahusu mifuko, kibao cha Bel-Air, gari la kugawa mikate, na kila mahali pengine nembo itakapokuwa.

Malipo yakifika mbele ya muda huo, siku hiyohiyo nitawapa risiti ya kufunga deni, faili za asili zote, na karatasi yenye sahihi yangu inayohamisha haki za matumizi kwenu. Karatasi hiyo nimekwisha kuiandika. Iko ndani ya bahasha, mezani kwangu.

Pamoja na barua hii nimeweka nakala ya mapatano, ya fakture, ya hati ya kupokea kazi, ya risiti mbili, na ya jumbe nne za kukumbusha pamoja na majibu yenu.

Haki zangu zote zinabaki kama zilivyo.

Pokeeni heshima zangu,

Fiston
Mchoraji wa nembo na vifungashio
Kamalondo, Lubumbashi