Hotuba kwa Baraza la Wazazi, Kayole

Mheshimiwa chifu, wazee, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, hamjambo.

Juzi binti wa jirani yangu alirudi nyumbani akilia. Insha yake ya Kiingereza ilipitishwa kwenye programu ya kukagua kama maandishi ni ya mtu au ya akili bandia, ikadaiwa imeandikwa na mashine. Mimi nilimwona akiiandika usiku, stima ikipotea na kurudi, kisha akaenda kuichapa saiba.

Programu hizo hazimwoni mwandishi. Zinapima maneno tu: neno hili lilitarajiwa? Sentensi zinalingana? Ukiandika kwa lugha nyepesi na nadhifu, ni rahisi kuitwa mashine. Na nani huandika hivyo? Mtoto aliyejifunza Kiingereza darasani! Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu programu 7 kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilisingiziwa. Jamani, zaidi ya nusu.

Mwenye hila naye hubadilisha maneno machache, akapita. Hata OpenAI, waliounda ChatGPT, walitoa kipimo chao Januari 2023; kilinasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na Julai wakakiondoa. Mashine imefunzwa kwa maandishi ya watu. Alama gani itabaki ya kututenganisha?

Walimu mlio hapa, nawasihi: muiteni mtoto aeleze insha yake kwa mdomo. Tazameni rasimu zake. Kesho saa mbili asubuhi namsindikiza mama wa binti yule shuleni, anayeweza, tufuatane.