Pendekezo la Huduma ya Kuandika Maudhui Kila Mwezi kwa Maduka ya Pembejeo za Kilimo

Iringa, 4 Agosti 2025

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Maduka ya Pembejeo za Kilimo,
Makambako, Njombe na Mafinga.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: PENDEKEZO LA KUANDIKA MAUDHUI KILA MWEZI, KUANZIA NA MWEZI MMOJA WA MAJARIBIO WENYE MALIPO

Kufuatia mazungumzo yetu ya wiki iliyopita, ambapo ulieleza kuwa tovuti ya kampuni haijaongezewa makala tangu msimu uliopita na kwamba kurasa zenu za Facebook na Instagram zimebaki kuwa za matangazo ya bei tu, nawasilisha pendekezo hili kwa maandishi ili mlijadili na wasimamizi wa matawi.

Msingi wa pendekezo hili ni mmoja. Mkulima wa Nyanda za Juu Kusini hanunui pembejeo mwaka mzima kwa mpangilio sawa. Huandaa shamba Septemba na Oktoba, hupanda mvua zinapoanza Novemba au Desemba, kisha hurudi dukani kutafuta mbolea ya kukuzia na dawa za wadudu. Maandishi yanayomfikia wiki mbili baada ya uamuzi wake hayamsaidii, hata yakiwa mazuri. Kwa hiyo ratiba ninayoipendekeza inafuata kalenda ya shamba, na mada zake zinatoka kwenye maswali ambayo wateja wenu huyauliza kaunta.

Kazi nitakazokabidhi kila mwezi

Nitaandika makala nne za tovuti, kila moja ikiwa na maneno kati ya 700 na 900, pamoja na machapisho 12 mafupi ya mitandao ya kijamii yanayotokana na makala hizo. Nitaandika pia jumbe nne za WhatsApp kwa makundi ya wateja wa matawi, na jumbe mbili za simu ambazo kila moja haizidi herufi 160, ili isigawanyike ikawaongezea gharama. Jumbe hizi zitatumwa na ninyi wenyewe, kwa wateja waliokubali kupokea taarifa zenu, kama inavyotakiwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha zitapigwa na wahudumu wa matawi kwa maelekezo yangu, nami nitafika Makambako mara moja kila mwezi kuzungumza na wateja na wahudumu. Nauli imo ndani ya bei.

Ili muone kiwango ninachokikusudia, huu ni ujumbe wa simu niliouandaa kwa wiki ya kwanza ya Septemba:

«Kabla ya kulipia mbegu ya mahindi, angalia lebo ya TOSCI na hakikisha mfuko haujafunguliwa. Omba risiti, itunze hadi mavuno.»

Makala itakayoambatana nao itaeleza jinsi ya kukadiria mbegu kwa eneo. Mkulima anayepanda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo, mbegu moja kila shimo, anahitaji mashimo takribani 18,000 kwa ekari. Akishaiona hesabu hiyo, anaweza kuangalia idadi ya mbegu katika mfuko, akaongeza kidogo kwa zile zisizoota, na akafika dukani akijua anachohitaji. Naamini makala ya namna hii inaiuza kampuni kuliko tangazo lolote la punguzo.

Ratiba

Mada za mwezi nitazileta siku ya 20 ya mwezi unaotangulia, nanyi mtazithibitisha kufikia siku ya 25. Kila Jumatatu nitatuma rasimu ya makala moja na machapisho yake. Afisa kilimo wenu atakuwa na siku mbili za kazi za kuikagua, na Alhamisi itachapishwa. Marekebisho ya awamu mbili yamo ndani ya bei. Rasimu isipopitiwa kwa wakati, makala itasogea hadi Alhamisi inayofuata, na wiki hiyo mtabaki na machapisho mafupi ambayo yalikwisha kukubaliwa.

Juu ya ukaguzi huo sina budi kuwa na msimamo. Sitachapisha kiwango chochote cha kuchanganya kiuatilifu ambacho hakilingani na lebo ya bidhaa, wala sitaandika kuhusu dawa isiyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, hata kama msambazaji ameleta maelezo yake tayari. Kosa la kipimo linaweza kumharibia mkulima shamba na kumdhuru kiafya.

Kwa Septemba napendekeza uchaguzi wa mbegu (tarehe 4), upimaji wa udongo (tarehe 11), tofauti kati ya mbolea ya kupandia na ya kukuzia (tarehe 18), na utaratibu wa kununua mbolea ya ruzuku, mpango ulioanza msimu wa 2022/2023 na ambao bado unaleta maswali mengi (tarehe 25). Desemba tutaelekeza nguvu kwenye palizi na viwavijeshi vamizi.

Taarifa ya kila mwezi

Kufikia tarehe 5 ya mwezi unaofuata mtapata taarifa ya kurasa mbili. Itaonyesha makala zilizosomwa zaidi na watu walizifikia kwa njia gani. Idadi ya laiki itakuwamo, ila sitaifanya kuwa kipimo kikuu. Kipimo ninachokiamini ni daftari la kaunta: kila tawi litakuwa na daftari moja ambamo mhudumu ataandika swali la mteja, bidhaa aliyoiulizia, na kama alisema ameisoma mahali. Nitayapitia madaftari hayo ninapofika Makambako, na kwa Njombe na Mafinga nitatumiwa picha za kurasa. Swali linalojirudia katika matawi mawili litapewa makala mwezi unaofuata.

Mwezi wa majaribio na malipo

Mwezi wa majaribio utakuwa 1 hadi 30 Septemba 2025, kwa Sh 600,000, ambayo ndiyo bei ya kila mwezi utakaofuata. Sikuipunguza kwa sababu kazi itakuwa kamili na mtaitumia. Nusu italipwa mkataba utakaposainiwa na nusu baada ya kupokea taarifa ya mwezi, kwa ankara, ikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Malipo yakikamilika, maandishi yote ni mali ya kampuni, tukiendelea au tusipoendelea.

Tarehe 6 Oktoba tutakaa pamoja na kuangalia mambo matatu: kama rasimu zilifika kwa wakati, kama afisa kilimo alilazimika kusahihisha mambo ya msingi, na madaftari yanasema nini. Upande wowote unaweza kuishia hapo bila fidia. Tukiridhiana, mkataba utaendelea hadi 31 Machi 2026, na atakayetaka kuuvunja atatoa taarifa ya siku 30. Ili pasiwe na pengo, mada za Oktoba nitazileta Septemba 20 kama kawaida, na makala ya kwanza ya mwezi huo itatoka baada ya kikao. Makala ya ziada itatozwa Sh 90,000.

Naomba majibu yenu kufikia 15 Agosti, ili nizilete mada za Septemba tarehe 20 na afisa kilimo apate nafasi ya kuzipitia kabla ya rasimu ya kwanza ya Jumatatu, 1 Septemba.

Wako katika kazi,

Mwandishi na Mhariri wa Maudhui ya Kilimo,
Iringa.